Kwa hiyo √2^√2 ni wiani au siyo?

Swali: Mwalimu, nimeelewa ule uthibitisho wa kwamba namba isiyo wiani ukiipandisha kwa kipeo kisicho wiani unaweza kupata namba wiani. Lakini mwisho √2^√2 yenyewe ni wiani au siyo? Kalkuleta inanipa 1.6325269194, naona hairudiirudii, so si wiani, sawa?

Jibu: Hapana, hoja yako haitoshi, na hili la kalkuleta naletewa kila siku jamani. 1/97 ni sehemu ya kawaida kabisa, ila desimali zake zinaanza kujirudia baada ya tarakimu 96, sasa wewe umeona kumi tu tayari umeshahukumu.

Turudi kwenye uthibitisho wenyewe. Tunatafuta a na b zisizo wiani ambazo a^b ni wiani. Unasema, kama √2^√2 ni wiani basi kazi imeisha, a na b zote ni √2. Kama si wiani, ichukue hiyohiyo iwe a, b ibaki √2, vipeo vinazidishana na unapata √2^2 yaani 2. Njia zote mbili unafika, na hoja haina kasoro. Ila angalia vizuri, hakuna mahali imesema uko njia ipi! Inakuhakikishia jozi ipo kati ya hizo mbili halafu inakuacha hapo, ndo maana tunasema haijengi. Kinachonikera ni wale wa notsi za mkato wanaoandika "tumethibitisha √2^√2 si wiani", wakati hakijathibitishwa kitu kama hicho, wameiona kesi ya pili inapendeza wakaifanya ndo jibu.

Jibu la swali lako lipo lakini linatoka kwingine. Teoremu ya Gelfond na Schneider ya 1934 inaonyesha √2^√2 si wiani, na hiyo ni kazi nzito, huipati kwa mistari mitatu.

Kama unataka jozi unayoweza kuishika mkononi, chukua a = √2 na b = log₂9. Ukipandisha, √2 ni 2 kwa kipeo cha nusu, kwa hiyo unabaki na kipeuo cha pili cha 9 ambacho ni 3. Na b si wiani, kwa sababu ingekuwa m/n, yaani namba nzima chanya mbili, ungepata 2^m = 9^n, kushoto shufwa kulia witiri, haiwezekani. Huu unajenga, japo hapo mwisho nimetumia mkanganyiko. Wanaofundisha kwamba kila penye mkanganyiko uthibitisho haujengi wanawapoteza watu kabisa, maana kuonyesha kwamba kitu *si* wiani ndivyo kunavyofanyika, unadhani ni wiani halafu unagonga ukuta. Kujenga au kutojenga kunahusu kile unachodai *kipo*. Kwa hiyo ukiletewa uthibitisho wa namna hii muulize aliyeuleta: a ni ipi, b ni ipi? Akijibu "mojawapo kati ya hizi", hajajenga.