Cheti cha hisa kimepotea na kampuni inadai hati ya fidia: usisaini kabla ya kuangalia haya

Swali: "Wakuu, nina hisa 6,000 kwenye kampuni binafsi na cheti changu kimepotea. Katibu wa kampuni amenitumia hati ya fidia nisaini. Inasema nitalipa hasara yoyote, bila kikomo cha kiasi wala muda, na benki isaini pamoja nami. Je, hisa zangu ziko salama? Na lazima nikubali masharti yote hayo?"

Hisa zako zipo. Anayetambuliwa kuwa mwanahisa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa, na cheti ni ushahidi tu wa kilichoandikwa humo. Gawio utaendelea kupata na kura utapiga. Utakapokwama ni siku ya kuuza, kuweka hisa rehani au kugawa mirathi, kwa sababu kampuni haitabadili jina kwenye daftari mpaka irudishiwe cheti au ipewe kitu cha kukaa mahali pake.

Kabla ya hati yoyote, mwombe katibu afungue kitabu cha vyeti aangalie kishina cha cheti chako, yaani kipande kinachobaki kitabuni cheti kikishatolewa. Kishina huonyesha namba, idadi ya hisa, tarehe, na kwa kawaida saini ya aliyekabidhiwa. Kwenye kampuni binafsi si ajabu kukuta cheti kiliandikwa lakini hakikuchukuliwa, au hakikuandikwa kabisa. Ikiwa hivyo, hakuna kilichopotea mikononi mwako na hakuna cha kufidia. Kampuni inatakiwa tu kukupa cheti chako. Ulizia pia kwa wakili aliyeshughulikia ununuzi na kwenye benki uliyowahi kukopa, maana cheti kilichowekwa dhamana husahaulika huko hata baada ya deni kuisha.

Kishina kina kazi nyingine muhimu zaidi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Chukua mfano huu. Mwanahisa alianza na hisa 10,000 kwa cheti namba 14. Akauza 4,000. Kampuni ikakifuta cheti namba 14, ikampa mnunuzi cheti namba 21, na yeye mwenyewe akapewa namba 22 kwa hisa 6,000 zilizobaki. Miaka ikapita, cheti kikapotea, lakini kwenye faili lake amebaki na fotokopi ya namba 14. Akaapa kwamba amepoteza cheti namba 14. Kiapo, hati ya fidia na azimio la bodi vyote vikataja namba hiyo. Matokeo yake ni kwamba cheti kilichokwisha kufutwa kimefutwa tena, na namba 22, kilicho hai, kinaendelea kuwa hai kokote kilipo. Kasoro hiyo itaonekana siku wakili wa mnunuzi atakapolinganisha daftari na vyeti, na kazi yote itarudiwa. Kwa hiyo chukua namba kwenye kishina au daftarini, usitegemee kumbukumbu wala fotokopi.

Ukishaijua namba, iandikie kampuni siku hiyo hiyo. Taja namba ya cheti, idadi ya hisa, jina kama lilivyo daftarini, na omba iwekwe alama kwamba uhamisho wowote utakaoletwa na cheti hicho usisajiliwe bila wewe kuulizwa. Bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hii utaihitaji tukifika kwenye fidia.

Sasa, kwa nini kampuni inaogopa? Cheti ni kauli ya kampuni kwa watu wa nje kwamba fulani ana hisa kadhaa, na mahakama haziiruhusu kampuni kuikana kauli hiyo mbele ya mtu aliyeiamini kwa nia njema akatoa fedha zake. Kesi ya msingi ni ya Uingereza, ya mwaka 1868, iliyohusu kampuni ya reli ya Bahia na San Francisco. Kampuni ilisajili uhamisho uliokuwa na saini ya kughushi na ikatoa vyeti vipya. Watu wakanunua hisa kwa kuviamini. Mwenye hisa halisi alirudishwa daftarini, na wanunuzi wakalipwa na kampuni. Hasara ya namna hiyo ndiyo wakurugenzi wanataka uibebe wewe. Mtu anaweza kuokota cheti chako, akaghushi saini kwenye fomu ya uhamisho na kuileta isajiliwe. Hofu ya pili ni juu yako mwenyewe: kwamba cheti hakijapotea bali umekiweka rehani au umemkabidhi mnunuzi pamoja na fomu ya uhamisho iliyosainiwa, na sasa unataka cha pili.

Hofu hiyo ya pili ndiyo inayoshughulikiwa na kiapo. Kieleze cheti kilikuwa wapi mara ya mwisho, umekitafuta wapi, na kitamke waziwazi kwamba hujauza, hujatoa zawadi, hujaweka rehani wala kusaini fomu ya uhamisho kwa yeyote. Kiapo kinachosema tu "kimepotea katika mazingira yasiyojulikana" hurudishwa mara nyingi, na ni haki kurudishwa. Kampuni nyingi hudai pia taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kama hisa ni za pamoja, wote mlioandikwa daftarini mnaapa na kusaini. Kama mwenye hisa amefariki, anayesaini ni msimamizi wa mirathi, na aandike wazi kwamba anafanya hivyo kwa nafasi hiyo, ili deni la fidia liwe la mirathi na si la mfuko wake.

Tuje kwenye hati yenyewe. Kwanza soma katiba ya kampuni. Kifungu cha kawaida husema mwanahisa aliyepoteza cheti ana haki ya kupewa kingine, akitimiza masharti ya ushahidi, fidia na ada ya kiasi watakayoamua wakurugenzi. Maana yake fidia wanaweza kuidai, lakini cheti ni haki yako, si hisani. Hapo ndipo unaposimama kujadiliana.

Kikomo cha kiasi ni kigumu kukipata. Ukiomba wajibu wako uishie kwenye thamani ya hisa leo, kampuni itakataa, na ina hoja: anayedai miaka kumi baadaye atadai kwa thamani ya wakati huo. Unachoweza kuomba, na mimi naona uking'ang'anie, ni mambo mawili. La kwanza, fidia ihusu hasara iliyotokea kweli, pamoja na gharama za kisheria zenye kiasi, na upewe taarifa kabla kampuni haijakubali au kulipa dai lolote. La pili, na ndilo kubwa, hati itamke kwamba haihusu hasara inayotokana na uzembe wa kampuni yenyewe. Umeshawaandikia kwamba cheti chako kimepotea, barua ina muhuri wao. Wakija kusajili uhamisho kwa cheti hicho hicho bila kukuuliza, kosa ni lao. Hati nyingi zilizochapwa tayari zina maneno "hasara yoyote kwa sababu yoyote", na maneno hayo yanakufanya ulipie hata hilo.

Kuhusu muda, usitarajie kuandikiwa miaka mitano ikome, kwa sababu cheti kinaweza kuibuka wakati wowote. Omba badala yake kifungu kwamba wajibu wako unakoma cheti asili kikirudishwa kwa kampuni.

Saini ya benki ndiyo sharti ghali kuliko yote. Kampuni inaitaka kwa sababu ahadi yako ina thamani sawa na uwezo wako wa kulipa, na mtu anaweza kuuza hisa akahama. Lakini benki haisaini bure. Itataka ada, na mara nyingi fedha za kushikilia au mali. Kampuni ya bima nayo hutoza asilimia ya thamani ya hisa. Marekani, ambako dhamana ya aina hii ni kawaida kwa kampuni zilizo sokoni, tozo huwa kama asilimia 2 hadi 3 ya thamani ya hisa. Kwenye kampuni binafsi una hoja nzuri ya kuomba sharti hili liondolewe: katiba zake kwa kawaida zinataka bodi iidhinishe kila uhamisho, wanahisa ni wachache na wanafahamiana, hivyo mwokotaji wa cheti hana soko la kukiuza wala njia ya kuingia daftarini bila wakurugenzi kumwona. Andika hoja hiyo kwa barua na upendekeze mbadala, kwa mfano mwanahisa mwingine mwenye uwezo asaini kama mdhamini. Wakikataa, waombe sababu kwa maandishi.

Mkikubaliana, bodi ipitishe azimio linalotaja namba ya cheti kilichopotea, kutamka kwamba kimefutwa, na kuidhinisha kipya. Cheti kipya kiwe na namba mpya na maneno kama "Kimetolewa badala ya cheti namba 22 kilichopotea", na maelezo hayo hayo yaandikwe daftarini na kwenye kishina cha zamani. Ukipewa cheti chenye namba ile ile ya zamani, kikatae. Vyeti viwili vyenye namba moja ndiyo hatari ambayo hati ya fidia ilitungwa kuizuia, na wewe ndiye uliyeisaini.

Kama lengo lako ni kuuza hisa zote, huenda huhitaji cheti kipya kabisa. Waulize kama watapokea fomu ya uhamisho ikiambatana na kiapo na hati ya fidia, kisha cheti kitoke moja kwa moja kwa jina la mnunuzi. Kampuni nyingi hukubali, na unaokoa hatua nzima. Ila mwambie mnunuzi mapema, kwa sababu wakili wake atataka kuiona hati hiyo kabla fedha hazijatoka.

Na cheti cha zamani kikionekana baadaye nyuma ya droo, usikitumie na usikichane. Kirudishe kwa katibu kwa barua, upate risiti, na uombe tamko la maandishi kwamba wewe, na mdhamini wako kama yupo, mmeachiliwa kwenye hati ya fidia.