Imla ya sentensi tatu

"Walimu, naombeni imla ya watoto wa miaka 8. Nikikata alama kila kosa, nusu ya darasa wanaambulia sifuri."

Mwalimu mwenzangu, hesabu maneno yaliyo sahihi. Hapa Tukuyu nasoma hizi, nyepesi kwanza:

Baba analima viazi.
Mvua imenyesha mlimani.
Ng'ombe wetu wamekunywa maji mtoni.

Ya pili ina mv, ny na ml. Ya tatu ina ng' na nyw, ndiyo inayowatoa jasho. Jumla maneno 11. Juzi mmoja kaandika "Gombe wetu wamekunwa": nikampa 9, nikaandika ng' na nyw juu ya maneno hayo mawili, kesho yake akarudia hayo tu. Mvua ikipiga bati, ahirisha, hawasikii kitu.