Meseji ndefu kufika vipande vilivyovurugika

"Meseji ya dada imeingia vipande vitatu, cha mwisho kikatangulia. Simu yangu mbovu?"

Si lazima, ndugu. Kila kipande husafiri peke yake, kikiwa na maelezo mafupi yaliyofichwa: namba ya meseji, jumla ya vipande na nafasi yake. Simu husoma hayo, ikaviunga. Yakipotea njiani, kila kimoja huonyeshwa kilivyofika. Utakuta "kes" huku, "ho" kule.

Mwambie aondoe emoji kwanza. Herufi 180 za kawaida ni vipande 2, maana kila kimoja hubeba 153. Emoji moja tu (ndiyo, moja!) hushusha kikomo hadi 67, vinakuwa 3. Akiandika bila emoji, asizidishe 160, inakuja nzima.