Mahari ya Wamwera na ya Wasukuma: fuateni watoto kabla ya kuhesabu ng'ombe

"Niko kidato cha tano, Kilwa. Tumepewa kazi ya kulinganisha mila za ndoa za Wamwera na za jirani zetu Wasukuma bila kudharau upande wowote. Wao wanatoa ng'ombe wengi, mahari yetu ndogo. Tuandike nini zaidi?"

Mdogo wangu, kwanza ulizeni watoto wakizaliwa wanahesabiwa ukoo wa nani. Mkishalijua hilo, mahari inajieleza.

Mimi Mmwera wa Nachingwea, mke wangu Msukuma. Tulipokwenda kuposa, msemaji wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Baba alikaa pembeni anatafuna korosho. Wakwe kila swali wanamgeukia yeye, naye anawaelekeza kwa mjomba. Ikabidi mshenga aeleze kwamba kwetu, kwa asili, mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu ya mpwa ni mjomba. Mzee mmoja akauliza, "Sasa ng'ombe anatoa nani?" Swali la maana kabisa.

Maana kwa Wasukuma ng'ombe huchangwa na baba na ndugu zake, na upande wa pili hugawiwa ndugu wa binti. Wakishapokelewa, watoto ni wa ukoo wa mume. Ndoa ikivunjika hudaiwa warudi, ila hupunguzwa kwa kadiri ya watoto waliozaliwa. Kwa Wamwera wa zamani, kama kwa Wamakonde na Wayao, watoto hawakuhama ukoo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mali nyingi. Kijana alihamia ukweni, akajenga, akawalimia wakwe. Ndoa ikifa, aliyefungasha ni yeye.

Ndiyo maana "Wasukuma wananunua mke" na "Wamwera wanatoa binti bure" yote ni maneno ya mtu aliyetazama mali tu. Mkiona sentensi ya namna hiyo kwenye rasimu yenu, futeni.

Mnapohoji wazee, tenganisheni "zamani ilikuwaje" na "ndoa yako wewe ilikuwaje". Mzee atakusimulia mila nzuri iliyonyooka, kumbe yeye mwenyewe alioa kwa kadhi, na kwa Uislamu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, si ya mjomba wala baba, na watoto wanahesabiwa kwa baba. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikulipwa. Mambo haya yamekaa juu ya mila, hayajaifuta, kwa hiyo andikeni yote mawili.

Huko Kilwa mna bahati. Wasukuma wengi waliingia na mifugo baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006. Tafuteni nyumba ambayo Msukuma kaoa binti wa Kimwera, muulize, tena pande zote mbili kila mmoja peke yake: ng'ombe walipokewa na baba wa binti au mjomba wake? Na mjukuu wa kwanza kapewa jina la upande gani?