Boti yetu imegonga vizimba, kesi iko mahakamani: tuweke provisheni au tuandike kwenye maelezo tu?

Muuliza swali: "Wakuu, tuna boti ya mizigo Mwanza–Ukerewe. Oktoba ilipita juu ya vizimba vya mfugaji wa sato, katushitaki anadai milioni 48. Tunafunga hesabu 31 Desemba. Mshauri wetu anasema kwa kuwa hukumu bado, tuandike kwenye maelezo ya hesabu tu, tusiguse faida. Ni sawa? Na bima tunaiwekaje?"

Mkuu, usisaini hizo hesabu. Huyo mshauri wako kama si yuleyule wetu basi ni ndugu yake wa tumbo moja, maana maneno ni hayohayo: "hukumu bado, andika kwenye maelezo." Kwetu sentensi hiyo ilikula gawio la wakurugenzi, na aliyetumwa kwenda kuwaeleza ni mimi.

Sisi tunatunza samaki wa watu kwenye chumba baridi. Usiku mmoja wa Novemba umeme ukakatika na jenereta haikuwaka. Asubuhi minofu ya sangara ya mteja ilikuwa laini, ukibonyeza kidole kinazama. Ukifungua daftari la joto unakuta "−18" kila saa, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kalamu ileile, mwandiko uleule. Mlinzi aliijaza kwa mkupuo mmoja, na hata mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Mteja akafungua kesi akidai milioni 90.

Wakili wetu alituambia kwa mdomo, mlango umefungwa: "Hapa mtalipa, tunabishania kiasi tu. Kwa ankara za mzigo naona kama milioni 60." Ila kwenye barua ya mkaguzi akaandika kwamba shauri liko mahakamani hivyo hawezi kutoa maoni. Mshauri, tai nyekundu, laptopu mpya, akaishika barua hiyo kama hirizi: hakuna hukumu, hakuna deni, ni dhima tarajiwa, yaani deni ambalo huenda likaja au lisije, aya moja kwenye maelezo inatosha. Nikakubali. (Najua. Msinicheke, nilikuwa na malimbikizo ya VAT mezani na kikokotoo kibovu.)

Faida kabla ya kodi ikasomeka milioni 75. Wakurugenzi wakafurahi, wakajigawia 30. Mwaka uliofuata tukamalizana na mteja nje ya mahakama kwa milioni 64, na hela hiyo ikatoka kwenye ovadrafti. Halafu mkaguzi akaniuliza swali moja: siku mnasaini hesabu, mlijua nini? Akapata barua pepe ya wakili yenye ile 60, aliyoituma kabla hatujasaini. Basi hayo hayakuwa mabadiliko ya makadirio ya kuingiza mwaka huu kimyakimya, yalikuwa kosa la mwaka uliopita. Tukarudi kurekebisha hesabu zilizokwishatoka: milioni 60 ikaingia mwaka wa tukio, faida ikashuka hadi 15, na ile tofauti ya milioni 4 tu ndiyo ikabaki mwaka wa malipo. Gawio la 30 juu ya faida ya 15. Jaribu kulieleza hilo kwa watu waliokwishapaua nyumba.

Kwa hiyo ulichukue hili hata ukisahau mengine yote: hukumu siyo kipimo. IAS 37, kile kiwango cha uhasibu cha madeni ya namna hii, haikuulizi kama hakimu ameshaamua. Inakuuliza tukio limeshatokea kabla ya tarehe ya kufunga au la, kisha ushahidi wote ukiwekwa mezani, je, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulipa kuliko wa kutolipa. Zaidi ya nusu, na kiasi kinakadirika, unaingiza provisheni: gharama kwenye faida na hasara, deni kwenye mizania. Nusu au chini yake, unaeleza kwenye maelezo na faida huigusi. Uwezekano ukiwa mdogo mno, hata maelezo hayatakiwi. Na usikimbilie "kiasi hakikadiriki." Kiwango chenyewe kinasema hali hiyo ni nadra mno, na mahali penye ankara za mzigo au idadi ya samaki waliopandikizwa haipo.

Kwako tukio ni la Oktoba, kwa hiyo hilo limeshapita. Kilichobaki ni ushahidi. Nahodha aliandika nini kwenye taarifa yake? Alikuwa kwenye njia yake ya kawaida au alikata kona kuwahi Nansio? Kama ameshakiri kwa maandishi, siioni namna ya kubaki kwenye maelezo. Kama vizimba viliwekwa kwenye njia ya boti bila boya, wakili anaweza kuona mna nafasi ya 60 kwa 40 ya kushinda, na hapo mshauri wako atakuwa amepata jibu sahihi kwa sababu mbovu.

Ila katika hali hiyo nakuomba usifanye ujanja wa kuchukua asilimia 40 ya milioni 48 ukaweka 19 na ushee "kwa tahadhari." Nimeona watu wanafanya. Kuzidisha kiasi kwa uwezekano kunafaa ukiwa na madai mengi yanayofanana, kama dhamana ya bidhaa mia tano. Kesi ikiwa moja kama yako, kwanza unaamua inaingia au haiingii. Ikiingia, unaanzia kwenye kiasi ambacho kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba mtakilipa. Kiasi hicho kwa kawaida si 48, hiyo ni njozi ya mdai. Hesabu nyavu, fremu na samaki waliotoroka kwa uzito wa siku ile, siyo uzito ambao wangefikia Pasaka.

Na usifunge jalada 31 Desemba. Hukumu ikitoka Februari kabla hamjasaini, inarudi kurekebisha hesabu za Desemba, kwa sababu inathibitisha hali iliyokuwepo tayari. Boti ingegonga Januari, hadithi ingekuwa nyingine: Desemba usingeingiza chochote, ungeeleza tu kama kiasi ni kikubwa.

Bima. Hapa nako yule wa tai alitaka kuleta zake: "bima watalipa 40, onyesheni 20 tu." Wakati huo wenye bima walikuwa bado "wanatathmini," na wakatathmini hadi wakakataa, kwa sababu ya lile daftari. Fidia ya bima inaingia kama mali pale tu inapokuwa karibu hakika kabisa, yaani wameshakubali dai. Hata hapo inakaa mstari wake peke yake upande wa mali na haizidi provisheni. Deni linabaki zima kwenye mizania. Kupunguza moja kwa nyingine unaruhusiwa kwenye faida na hasara tu.

Wiki hii nenda kwa wakili na taarifa ya nahodha mkononi. Atake asitake, akuandikie mambo mawili: kulipa kuna uwezekano zaidi ya nusu au la, na kama ndiyo, kiasi gani. Akikurudishia "shauri liko mahakamani," mrudishie barua yake, kwa sababu hilo ulikuwa unalijua kabla hujamlipa.

Na hujasema: hivyo vizimba vilikuwa na taa usiku ule?