Ombi likifika na jibu likapotea: somo kwa wanaoanza kutengeneza programu za kutumika bila mtandao

Wengi wanaoanza kazi hii hudhani kwamba hali ngumu kuliko zote ni simu kukosa mtandao kabisa. Kwa uzoefu wangu, hiyo ndiyo hali nyepesi, kwa sababu unaandika kila kitu katika hifadhidata iliyomo ndani ya simu, kwa mfano SQLite, kisha unasubiri. Kinachotesa ni mtandao unaokatikakatika, kwani unaweza kukatika wakati seva imekwisha kuandika data ilhali simu bado haijapata jibu.

Niliwahi kushiriki kutengeneza programu ya kupokea mizigo ghalani. Siku moja karani alirekodi mifuko 40, seva ikaiongeza kwenye salio la 100, kisha mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu ilihesabu kwamba ombi limeshindikana, na mtandao uliporejea ikalituma upya, hivyo salio likasoma 180 wakati ghalani mlikuwa na mifuko 140. Tulitafuta kosa ndani ya simu kwa siku mbili bila kuliona, maana simu ilikuwa imefanya kama tulivyoiagiza. Tulilikuta katika kumbukumbu za seva: maombi mawili yenye maudhui yaleyale, yamepishana kwa dakika chache, na yote mawili yamepokelewa vizuri.

Simu haina njia ya kutofautisha ombi ambalo halikufika na jibu ambalo halikurudi. Ukiizuia isirudie, data ya watu itapotea, kwa hiyo lazima irudie, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba kurudia hakuleti madhara. Ndiyo maana kila tukio hupewa kitambulisho chake cha pekee, na kitambulisho hicho hutengenezwa na simu yenyewe, si na seva. UUID ya toleo la 4 inatosha, kwa kuwa ina biti 122 za kubahatisha na uwezekano wa simu mbili kutengeneza kitambulisho kilekile ni mdogo mno.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona mara nyingi katika msimbo wa wanaoanza: kitambulisho hutengenezwa ndani ya kipande cha msimbo kinachotuma ombi. Matokeo yake, kila jaribio hupata kitambulisho kipya, na seva huona matukio mawili tofauti. Kitengeneze pale mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha andika rekodi yenyewe pamoja na safu yake katika jedwali la foleni, yaani orodha ya yanayosubiri kutumwa, ndani ya muamala mmoja, ili viingie vyote viwili au kisiingie hata kimoja. Ukiviandika kwa nyakati mbili na simu ikazimika katikati, rekodi itaonekana kwenye skrini lakini haitatumwa kamwe, na mtumiaji hatakuwa na dalili yoyote ya kumwonya.

Upande wa seva, weka sharti la upekee kwenye safuwima ya kitambulisho. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, amri ya kuingiza tukio huandikwa hivi:

```sql
INSERT INTO mapokezi (kitambulisho, bidhaa, idadi)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (kitambulisho) DO NOTHING;
```

Tukio likija mara ya pili, seva haiandiki kitu, lakini ni lazima ijibu kwamba limepokelewa. Ikijibu kwa kosa, simu itaendelea kulituma bila kikomo. Salio nalo lipatikane kwa kujumlisha safu za jedwali hili, au libadilishwe katika muamala uleule na pale tu ambapo safu mpya imeingia kweli. Simu nayo isitume salio jipya, yaani 140, bali itume ongezeko la 40, kwa sababu karani mwingine huenda amepokea mifuko yake kwa simu nyingine muda huohuo, na salio moja lingefuta kazi ya mwenzake.

Foleni itumwe kwa mpangilio, na safu ifutwe tu baada ya seva kujibu kwamba tukio limepokelewa. Mtandao ukikatika au seva ikijibu 503, yaani haiwezi kuhudumia kwa sasa, subiri na uongeze muda wa kusubiri kila mara. Ikijibu 422, data yenyewe ina kasoro na kurudia hakutasaidia. Itoe kwenye foleni, uihifadhi kando na umwonyeshe mtumiaji, la sivyo tukio hilo moja litazuia yote yaliyo nyuma yake.

Kujaribu kwa kuzima mtandao wa simu hakutoshi, kwani huko ni kujaribu ile hali nyepesi. Sisi tuliiagiza seva ya majaribio iandike data kisha ikate muunganisho bila kujibu, mara moja katika kila maombi matatu. Tulirekodi mapokezi 30, tukaacha foleni iishe, ndipo tukahesabu safu kwenye seva. Zikizidi 30, kitambulisho kinabadilika mahali fulani njiani. Zikipungua, kuna tukio lisilofika kwenye seva, kwa mfano safu inayofutwa kwenye foleni kabla ya kutumwa.