Benki "ASHA J MUSSA", pasipoti "ASHA JUMA MUSSA": usianzie kwa wakili

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji ambaye miadi yake ya viza ni wiki ijayo. Stetimenti ya benki imetoka na jina lenye herufi moja katikati, pasipoti ina majina matatu kamili. Jamaa wa stesheneri anayemjazia fomu amemwambia akaape kwa wakili kisha abadili jina kabisa. Ushauri wa aina hii umezagaa mjini, na unawatoa watu hela bila sababu. Jina la msomaji silitaji. Tumpe la mfano, Asha Juma Mussa.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, jiulize: majina haya mawili yanapingana, au moja ni fupi tu kuliko jingine? ASHA J MUSSA na ASHA JUMA MUSSA hayapingani. J inaweza kuwa Juma, basi. Hata ASHA MUSSA haipingani na pasipoti, ila inabeba ushahidi kidogo, maana Dar kina Asha Mussa ni wengi. Lakini benki ikisema ASHA S MUSSA, hapo kuna mgongano, kwa kuwa S haiwezi kuwa Juma. Vivyo hivyo ASHA JUMA bila Mussa: jina la mwisho la benki ni la baba, la pasipoti ni la babu, na mgeni asiyejua utaratibu wetu wa jina lako, la baba na la babu ataona ukoo mbili tofauti.

Ukishajua uko kundi gani, weka nyaraka tatu mezani: kitambulisho cha NIDA, pasipoti na stetimenti. NIDA ndiyo ya kupimia nyingine, kwa sababu benki siku hizi inavuta majina yako kutoka huko kwa namba yenye tarakimu 20 na alama ya kidole. NIDA ikiwa sawa na pasipoti, kosa liko benki, na benki ndiyo inayorekebisha. NIDA ikiwa tofauti na pasipoti, usiguse akaunti kwanza. Ukilazimisha benki ifuate pasipoti, siku watakapohakiki taarifa kwa NIDA jina la zamani litarudi, na utaanza upya. Anza NIDA na cheti cha kuzaliwa, ndipo ushuke kwingine.

Kwenye pasipoti usisome jina kwa haraka. Mashine inasoma mistari miwili ya chini, na humo jina la ukoo linatangulia:

```
MUSSA<<ASHA<JUMA
```

Alama mbili za `<<` zinatenganisha jina la ukoo na mengine. Moja ni nafasi tu. Kwa hiyo ukijaza fomu ya benki kwa kunakili mpangilio wa pasipoti, unaweza kuishia kuitwa MUSSA ASHA JUMA, tatizo jipya ulilojitengenezea. Na wenye majina ya Ng'wa- na Ng'o- wasihangaike na ile alama ya juu: mistari hiyo haina nafasi yake, NG'WANDU inaandikwa `NGWANDU`. Kinacholeta shida ni pale mfumo wa benki ulipoweka nafasi badala ya alama, ikawa NG WANDU. Hapo yamekuwa majina mawili, na lazima yaunganishwe.

Sasa Asha. NIDA na pasipoti zake zinakubaliana, kwa hiyo anahitaji mambo mawili kwa mpigo mmoja: marekebisho ya jina na barua.

Aende kwenye tawi alilofungulia akaunti, akiwa na pasipoti na kitambulisho halisi pamoja na nakala zake. Ajaze fomu ya kubadili taarifa za mteja. Sahihi aweke ile ile aliyoweka siku ya kufungua akaunti, hata kama siku hizi anasaini tofauti. Fomu nyingi hukwama hapa: sahihi haifanani na iliyo kwenye mfumo, fomu inawekwa pembeni, na mteja yuko nyumbani anasubiri meseji. Kama anataka kubadili na sahihi, aliseme hilo wazi na alijazie ombi lake.

Halafu atamke kwa mdomo kwamba anataka jina libadilike sehemu zote. Kwenye mfumo wa benki jina la mteja na jina la akaunti huwa vitu viwili, na kadi ni cha tatu. Ofisa akigusa la mteja peke yake, atakuonyesha kioo na kweli utaona JUMA, lakini stetimenti inasoma jina la akaunti na itatoka na J kama kawaida. Usiondoke dirishani kwa kuambiwa "tayari". Omba stetimenti ichapwe hapo hapo, hata ya siku chache, na usome kichwa chake. Jina la kichwa kwa kawaida ni lile lililopo siku ya kuchapa, kwa hiyo likishabadilika, miezi ya nyuma nayo itatoka na jina jipya. Kadi haitajibadilisha yenyewe. Inaombwa nyingine, na ubalozi hauihitaji.

Kama marekebisho hayatakamilika kabla ya miadi, barua ndiyo itakayombeba. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, na tarehe, muhuri, jina na cheo cha aliyesaini, na iseme jambo moja tu: akaunti namba fulani yenye jina ASHA J MUSSA ni ya ASHA JUMA MUSSA, mwenye pasipoti namba fulani. Bila namba ya pasipoti barua hiyo haijaunganisha kitu na kitu. Nimeona barua nyingi za "ni mteja wetu mwema wa muda mrefu". Ni maneno matamu lakini hayamwambii ofisa wa viza alichouliza. Omba iandikwe kwa Kiingereza moja kwa moja usije kulipia tafsiri, na iambatane na stetimenti.

Barua hii ina uzito kuliko kiapo, kwa sababu kiapo ni maneno yako wewe kuhusu wewe, na benki ndiyo inayomjua mwenye akaunti. Kiapo kina kazi yake pale majina yanapopingana, kama yule wa S. Hapo utaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, ukiyaandika herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila waraka. Angalia sehemu ya mwisho: lazima ionyeshe mahali na tarehe uliyoapia. Mawakili wengine huacha tarehe wazi wakakupa ujaze mwenyewe; kirudishe. Hati ya kubadili jina inayosajiliwa ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine. Asha hajaacha jina lolote.

Jambo la mwisho ni pesa iliyo njiani. Mtu wa nje akikutumia dola, anaandika jina la mpokeaji pamoja na namba ya akaunti, na benki inayopokea inaweza kuishikilia pesa majina yasipolingana. Kutoka J kwenda JUMA ni nadra kuleta shida, lakini kutoka ASHA JUMA kwenda ASHA JUMA MUSSA kunaweza. Kwa hiyo kama kuna malipo yameshatumwa, acha yaingie ndipo ubadili, na siku hiyo hiyo umpe jina jipya mhasibu wa mishahara kabla hajafunga orodha ya mwezi.